Samli ya Miezi Sita: Ipi Iliwe, Ipi Imwagwe

Kila unapokaribia mwezi wa Shaabani, akina mama wengi wa Kisumu hufungua makabati na kuteremsha vyombo walivyoviweka tangu mapema mwaka. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo tumeulizwa mara nyingi: samli iliyokaa nje ya jokofu kwa miezi mitano au sita bado ni chakula, au ni ya kumwagwa? Swali hili si dogo. Kumwaga kilo mbili za samli safi ya ng'ombe ni hasara na ni israfu, na kuitia samli iliyochacha katika sufuria ya pilau ni kuharibu mchele, nyama na viungo kwa pamoja, huku wageni wamekwisha kuketi mkekani.

Tumeona samli nzuri ikitupwa kwa sababu ilikuwa na chembechembe, na tumeona samli mbovu ikiliwa kwa sababu ilikuwa na rangi ya kupendeza. Makosa haya mawili yana asili moja, nayo ni kuihukumu samli kwa macho peke yake.

Samli si ngeni katika mji huu. Reli ilipofika ufukweni hapa mwezi wa Desemba 1901, na mji ukiitwa wakati huo Port Florence, wafanyabiashara waliofuata njia hiyo walikuta nchi yenye ng'ombe wengi, na samli ya Nyanza ikawa miongoni mwa bidhaa walizonunua kwa wenyeji. Waluo walikuwa wakisukasuka maziwa ya mgando katika vibuyu, wakitoa siagi na kuichemsha iwe mafuta yanayoitwa mpaka leo mo nyaluo. Waislamu wa hapa, wakiwa Waluo, Waswahili, Wanubi wa Kibos, Wasomali au Wahindi, kila jamii ina mkono wake wa kuipika na harufu yake inayoipenda. Hata hivyo sababu zinazoifanya idumu au ichache ni zile zile kwa wote.

Tuanze na lile linalotokea jikoni. Siagi si mafuta matupu. Katika kila gramu 100 za siagi, gramu 80 au zaidi kidogo ni mafuta, gramu 16 hivi ni maji, na kiasi kidogo kilichobaki ni mabaki ya maziwa. Maji na mabaki hayo ndiyo chakula na makao ya vijidudu, na kwa ajili hiyo siagi iliyoachwa mezani Kisumu haikai siku nyingi. Tunapoichemsha, maji hutoka kwa mvuke. Maadamu maji yamo, sufuria hutokota kwa kelele na joto halipandi sana kupita nyuzi 100. Maji yanapokwisha, kelele hutulia, joto hupanda, na yale mabaki ya maziwa hushuka chini na kuanza kuwa ya rangi ya kahawia. Hapo ndipo harufu tamu hujaa nyumba nzima. Samli iliyofikishwa hapo na kuchujwa kwa kitambaa cha melimeli haina maji ya kutosha kuwalisha vijidudu, na ndiyo inayoweza kukaa kabatini kwa miezi.

Mpishi mzee hakuwa na kipimajoto, lakini alijua kusikiliza. Samli inayotatarika bado ina maji. Samli iliyonyamaza imeiva. Ukiijua kanuni hii moja umekwisha kupata nusu ya elimu ya kuihukumu samli.

Sasa tuyatazame yale yanayowatisha watu bila sababu, na la kwanza ni chembechembe na matabaka. Mji wa Kisumu umekaa juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Mchana joto hufika nyuzi 28 au 30, na usiku hushuka hadi nyuzi 17 au 18. Samli ya ng'ombe haigandi yote kwa joto moja, kwa kuwa ndani yake mna mafuta ya namna nyingi: mengine huwa magumu mapema, mengine hubaki maji hata kwenye baridi kidogo. Basi chombo kilichoko kabatini mwetu hulainika kila alasiri na kuganda tena polepole kila usiku. Kuganda huko kwa polepole ndiko kunakozaa chembe kubwa mithili ya semolina, na mafuta mepesi yakapanda juu yakiwa ya dhahabu na yenye kung'aa. Ndugu zetu wa Mombasa, ambako usiku wenyewe una joto, huiona samli yao ikiwa laini au majimaji kwa sehemu kubwa ya mwaka, na wanapokuja kutembea huku hudhani tumeuziwa samli mbovu. Sivyo. Samli ile ile ikiyeyushwa na kupozwa haraka itakuwa laini, na ikipozwa taratibu itakuwa ya chembe.

Rangi nayo isitutishe. Umanjano wa samli ya ng'ombe hutokana na majani mabichi aliyokula. Samli ya msimu wa mvua huwa ya manjano zaidi, na ile ya kiangazi hupauka. Lililo muhimu ni mabadiliko: ikiwa chombo kile kile kilikuwa cha manjano mlipokiweka na sasa uso wake umepauka kuliko ndani, hapo pana habari, nasi tutairudia.

Samli huharibika kwa njia mbili, na kila njia ina harufu yake. Anayezitenganisha harufu hizi mbili hujua si tu kwamba samli imechacha, bali pia imechacha kwa kosa gani.

Njia ya kwanza ni ya maji. Maji yakibaki ndani, au yakiingizwa baadaye kwa kijiko chenye unyevu, mafuta ya maziwa huanza kumeguka, na kutoka humo hutoka asidi yenye harufu kali. Kila mama aliyelea anaijua harufu hiyo: ni ile ya nguo ya mtoto mchanga aliyecheua maziwa, ikakaa mpaka jioni. Aliyezoea jibini atasema ni ya jibini iliyokaa mno. Mara nyingi harufu hii huanzia chini ya chombo, kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta na hushuka, na huko chini utaona tabaka la ukungu lisilong'aa hata mafuta yanapoyeyuka.

Njia ya pili ni ya hewa na mwanga. Mafuta yanapokutana na hewa kwa muda mrefu, hasa yakiwa kwenye jua au karibu na jiko, hubadilika kuanzia juu. Harufu yake si ya maziwa tena, bali ni ya njugu za zamani, ya mshumaa, au ya rangi ya mlango. Uso hupauka, na ukionja kidogo ulimi haupati utamu bali ladha ya mafuta makavu inayokereketa koo. Vyombo vya shaba visivyopakwa bati, na vya chuma vilivyoshika kutu, huharakisha uharibifu huu hata kama vimefunikwa vyema.

Tueleze kisa cha nyumba yetu wenyewe, kwa kuwa kilitufunza yote mawili kwa wakati mmoja. Mwaka mmoja, katika mwezi wa Safari, tulinunua kilo tatu za samli kutoka kwa muuzaji aliyeileta mjini kutoka kijijini. Ilikuwa ya manjano, ina harufu njema, na bei yake ilikuwa nafuu. Tulipofika nyumbani tulichota kijiko kimoja, tukakitia katika kikaango kikavu juu ya moto mdogo. Kilitatarika na kuruka kama mboga iliyooshwa inapotiwa kwenye mafuta ya moto. Hivyo tulijua kwamba samli ile iliondolewa jikoni kabla haijanyamaza. Haikuwa mbovu, haikuwa imekamilika.

Siku ile ile tulichukua kilo mbili, tukazirudisha jikoni katika sufuria pana yenye kitako kizito. Tuliipika kwa moto mdogo bila kifuniko, tukikwangua chini kwa mwiko ili isishike. Mwanzo ilitoa povu jeupe na kelele nyingi. Baada ya dakika ishirini hivi kelele zilipungua, mapovu yakawa madogo, na chini tuliona chembe za rangi ya kahawia. Tuliiepua papo hapo, kwani ukichelewa dakika chache chembe hizo huungua na uchungu wake hautoki. Tuliiacha ipoe kidogo, tukaichuja kwa melimeli katika mkebe wa bati mkavu kabisa, tukaujaza mpaka karibu na mdomo ili nafasi ya hewa iwe ndogo. Hatukuufunika mpaka ulipopoa, kwa sababu mvuke wa samli ya moto ukifungiwa hugeuka matone chini ya kifuniko na kurudi ndani. Kisha mkebe uliingia katika kabati la chumbani, mbali na jiko.

Kilo moja iliyobaki hatukuipika tena. Usiku ulikuwa umeingia, nasi tukasema hii ni ya matumizi ya kila siku, itakwisha haraka. Tuliitia katika chombo cha plastiki kinachopitisha mwanga, tukakiweka kwenye rafu ya jikoni inayotazama dirisha. Kila aliyepika alichota humo, na si kila kijiko kilikuwa kikavu. Haikwisha haraka kama tulivyodhani.

Mwezi wa Shaabani, miezi sita baadaye, tuliviweka vyombo viwili mezani. Mkebe wa kabatini ulikuwa na mafuta ya dhahabu juu na chembe chini. Harufu yake ilikuwa tamu, yenye kukaribia harufu ya maziwa yaliyokaangwa. Kijiko chake kilipotiwa katika kikaango kikavu kiliyeyuka kimya. Chombo cha dirishani kilikuwa kimebakiza robo ya kilo hivi. Uso wake ulikuwa umepauka na unanuka kama mshumaa. Tulipochimba mpaka chini tulikuta tabaka la ukungu, na harufu ya kucheua ikapanda puani. Kijiko chake kilitatarika. Samli ilikuwa moja, imetoka kwa ng'ombe wale wale, ila moja ilinyimwa maji, mwanga na hewa, na nyingine ilipewa vyote vitatu.

Mmoja wetu alishauri tuipike upya ile mbovu, tuitie iliki na manjano, iingie kwenye maandazi. Tulijaribu kijiko kimoja. Kwenye moto harufu kali ilipungua kwa kitambo, kisha ilipopoa ladha ya kukereketa ikarudi ile ile. Hivi ndivyo ilivyo. Moto hutoa maji, wala haurudishi mafuta yaliyokwisha kumeguka au kuharibiwa na hewa. Iliki huifunika harufu puani mwa mpishi, lakini haiifuniki kooni mwa mlaji. Na lililo baya kuliko yote ni kuchanganya iliyochacha na iliyo njema ili isipotee, kwani mafuta yaliyoanza kuharibika huyaharakisha yale mengine kuharibika. Tungepoteza mkebe mzima kwa kuokoa robo ya kilo. Tuliimwaga.

Kutokana na kisa hicho tumeweka utaratibu ambao tunaufuata mpaka leo kila tunapofungua chombo cha zamani. Huchukua dakika tano.

Kwanza, tunafungua na kunusa papo hapo, kabla ya kugusa kitu. Pua huzoea harufu upesi, hivyo pumzi ya kwanza ndiyo ya kweli. Mwenye shaka amwite mtu aliyekuwa nje ya jikoni.

Pili, tunatazama uso, ubavu na kitako, na chini ya kifuniko pia. Matone ya maji chini ya kifuniko ni onyo. Kuvu, liwe jeupe, la kijani au jeusi, halina mazungumzo: kuvu halioti katika mafuta makavu, kwa hiyo likionekana maji yamo, na chombo chote kinamwagwa.

Tatu, tunachota kwa kijiko kikavu kutoka juu na kutoka chini, mbalimbali. Tunapaka kidogo mgongoni mwa kiganja na kusugua mpaka iyeyuke. Joto la mwili huitoa harufu iliyojificha katika samli iliyoganda.

Nne, ikiwa harufu ni njema, tunatia kijiko kimoja katika kikaango kikavu juu ya moto mdogo na kusikiliza. Ikinyamaza, imesalimika. Ikitatarika na harufu bado ni njema, haijaharibika, ila haiwezi kungoja. Tunaipika upya siku hiyo hiyo au tunaitumia katika siku chache. Ikitatarika na kunuka, imekwisha.

Tano na mwisho, tunaonja tone lililopoa na kungoja kidogo. Kwanza ulimi, kisha koo. Samli njema huondoka bila kuacha alama. Iliyochacha hubaki kooni ikikereketa.

Wengi huuliza muda. Samli iliyoiva vyema, katika chombo kikavu kilichojaa na kufungwa, mahali pa giza, hukaa miezi sita bila tatizo, na aghalabu zaidi. Lakini siku chombo kinapofunguliwa hesabu huanza upya, nasi hupendelea kukimaliza katika miezi mitatu. Kwa hiyo ni afadhali kuigawa kilo tatu katika mikebe midogo, kila mmoja ufunguliwe kwa zamu yake, kuliko kuwa na mkebe mkubwa unaofunguliwa kila siku. Wanaopenda samli ya iliki au uwatu wavitie vikiwa vikavu wakati samli inaiva, kisha wavichuje. Kitunguu na majani mabichi yana maji, na samli iliyotiwa vitu hivyo si ya kuwekwa.

Mafuta ya kupikia ya kuganda yanayouzwa madukani katika mikebe na vifuko, yaliyotengenezwa kwa mimea, hufuata sheria hizo hizo kwa tofauti moja. Hayo hayana mafuta ya maziwa, kwa hiyo harufu ya kucheua haitarajiwi; ubovu wake huja kwa njia ya hewa na mwanga, na harufu yake ni ile ya mshumaa na rangi ya mlango. Yana tarehe kwenye mkebe, lakini tarehe hiyo ni ya mkebe uliofungwa. Na mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki au sambusa yasirudishwe kamwe katika mkebe wa mafuta mapya, kwa sababu ile ile tuliyoitaja ya kuchanganya.

Limebaki suala moja ambalo akina mama hulileta kwa sauti ya chini: panya. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Bi Maimuna, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa juu ya panya aliyeanguka katika samli, naye akaelekeza atolewe pamoja na kilichomzunguka na samli iliyobaki iliwe. Wanavyuoni wengi wameifahamu hukumu hii kuwa ni ya samli iliyoganda, ambayo najisi haienei ndani yake. Iliyo majimaji wengi wao wameihukumu kuwa imenajisika yote. Hapa Kisumu tofauti hiyo si ya vitabuni tu, kwani chombo kilichokuwa kigumu alfajiri huwa kimelainika baada ya adhuhuri, wala hatujui panya aliingia saa ngapi. Kwa upande wa afya, mkojo na kinyesi cha panya hubeba maradhi. Ruhusa ya kula si amri ya kula, na mwenye kumwaga kwa hofu ya maradhi hakufanya israfu. Wallahu aalam. Lililo bora ni kifuniko kinachokaza.

Ama yule muuzaji wa kijijini, tulionana naye tena mwaka uliofuata. Hatukumlaumu, tulimwomba tu aturuhusu kuonja kwa moto kabla ya kulipa. Alicheka, akatuwashia jiko lake la makaa, akatia kijiko kimoja katika kikaango. Kiliyeyuka kimya. Tulinunua kilo nne.